Ujumbe wa Jumapili Jioni

Hotuba ya mwalimu wa darasa kwa wazazi na walimu wa shule moja ya msingi, Eastlands, Nairobi

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wawakilishi wa madarasa, na ninyi wazazi mliotoka Umoja, Kayole, Donholm na kwingineko asubuhi hii ya Jumamosi, hamjambo? Karibuni mkae. Wale mliosimama kule nyuma, kuna viti vya watoto hapa mbele. Ni vifupi lakini vinabeba.

Nimeombwa nizungumze juu ya ujumbe mmoja. Ni ule unaotumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa wakati mtoto amefiwa na mzazi na sasa anarudi shuleni. Nimekuwa mwalimu wa darasa kwa miaka mingi na nimeuandika mara kadhaa. Mara ya kwanza niliuandika vibaya. Au tuseme sikuuandika kabisa, nikaliacha kundi liandike lenyewe. Nitawaeleza kisa kimoja, cha binti aliyekuwa Gredi ya Tano, mwenye miaka kumi. Jina lake silitaji. Mama yake ananijua, na ameniruhusu kukisimulia.

Baba yake alikuwa fundi seremala. Alifariki siku ya Jumatano, katika wiki ya tatu ya muhula wa pili. Habari ilifika kwenye kundi la darasa letu usiku huohuo. Mnajua mambo yanavyokwenda. Mmoja akaandika "pole sana familia", mwingine akaweka mikono iliyokunjwa, na kufikia asubuhi mweka hazina alishatoa nambari ya simu ya mchango. Kila mtu akituma, jina lake linaongezwa kwenye orodha na orodha inabandikwa upya: fulani mia tano, fulani elfu moja, fulani mia mbili. Katikati yake kukawa na taarifa za safari: basi litaondoka saa ngapi kwenda Vihiga, nani anaenda, mwili utatolewa mochari saa ngapi. Jumamosi, mzazi mmoja aliyesafiri nao, mtu mwema kabisa, akatuma picha ya jeneza likiwa limefunguliwa.

Sisi sote tulidhani tunazungumza watu wazima kwa watu wazima. Binti aliporudi, siku ya nne au ya tano hivi, alibaki darasani wenzake walipotoka kwenda kucheza. Akaniambia, "Mwalimu, nilizisoma zote." Nikamuuliza zote zipi. "Za kwenye kundi. Simu ya mama ninaishika mimi, mama alikuwa akilia. Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu asante." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mbona waliandika mwili? Hawakuandika Baba wa nani. Waliandika mwili."

Wazazi, nyumba nyingi za hapa kwetu zina simu moja yenye intaneti, na anayeijua simu hiyo kuliko mtu yeyote ni mtoto. Yeye ndiye hutafuta picha, ndiye humsomea mama ujumbe mrefu, ndiye hujibu kwa niaba yake. Mama akiwa kwenye matanga, simu iko mkononi mwa mwanafunzi wangu. Kwa hiyo kila ninapoandika neno kwenye kundi la darasa, ninaliandika nikijua kwamba mtoto mwenyewe atalisoma, pengine usiku, peke yake, chini ya blanketi.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo nililigundua kwa kuchelewa. Siku ya pili ya kurudi kwake, wakati wa mapumziko, mvulana mmoja alimwambia, "Mama yangu alitoa mia mbili kwa sababu ya baba yako." Hakuwa na ubaya. Aliiona orodha kwenye simu ya mamake, akadhani ni habari njema ya kumpelekea mwenzake. Binti akampiga. Nami nikamwadhibu kwa kupigana kabla sijauliza chanzo, jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Tangu hapo nimekuwa na kanuni moja ambayo siivunji. Mchango na taarifa za mazishi vinakaa kwenye kundi lake, linalofunguliwa kwa kazi hiyo na kufungwa baada ya mazishi. Wanaotaka kuchanga wanaingia huko, na aliyefiwa haingizwi humo. Mtu mzima mmoja wa familia, mjomba au shangazi, ndiye hupewa hesabu. Kundi la darasa linabaki kuwa la darasa, na humo unatumwa ujumbe mmoja tu, ule wa kurudi.

Sasa nije kwenye ujumbe wenyewe, maana kwa yule binti bado nilipata nafasi ya kurekebisha. Wiki mbili baadaye alirudi tena kwao kwa shughuli za familia, akakosa shule siku tatu nyingine. Safari hii nilimpigia mama yake siku ya Ijumaa. Baada ya salamu na pole nilimuuliza mambo matatu: unataka wazazi wa darasa wajue nini, hutaki wajue nini, na binti mwenyewe anataka nini. Kwa swali la tatu mama akasema, "Ngoja nikupe yeye mwenyewe." Tukazungumza na binti kama dakika kumi. Kisha nikaandika ujumbe na kumtumia mama kwanza. Akaondoa sentensi moja. Tukautuma Jumapili saa kumi na mbili jioni.

Kumwomba mama ruhusa ni heshima, na pia ni sheria. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto. Msiba haufuti hilo.

Ujumbe ulikuwa hivi. Nausoma kama ulivyokuwa, ila mahali pa jina nitasema "mwenzetu":

"Wazazi wa Gredi ya Tano, habari za jioni. Kesho mwenzetu anarudi darasani. Kama mnavyojua, baba yake alifariki mwezi uliopita na akazikwa kwao Vihiga. Yeye na mama yake wametuomba tuwaambie haya. Atakaa mahali pake pa zamani karibu na dirisha. Angependa asalimiwe kama siku zote. Hapendi kuulizwa baba alifariki vipi. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Amenyolewa nywele kwa desturi ya kwao, na si jambo la kuchekwa. Tafadhali leo kabla ya kulala mwambieni mtoto wenu kwa maneno mepesi: baba ya mwenzenu alifariki, ana huzuni, siku nyingine atacheza na siku nyingine atanyamaza. Akinyamaza, mnaweza kukaa naye tu. Mtoto wenu akitaka kumwambia jambo, aseme: Tulikuwa tukikungoja, na madaftari yako tumeyaandika. Kundi limefungwa hadi kesho jioni ili ujumbe huu usipotee. Mwenye swali anipigie."

Naona mwingine amehesabu, anashangaa: mbona Mungu hakutajwa, mbona hakuna "pole"? Ngoja niyaeleze, kwa sababu kila neno hapo lilipimwa.

Neno la kwanza ni "alifariki". Sisi Waswahili tuna maneno mengi ya kuufunika msiba: ametutoka, ametuacha, ametangulia, amelala, amepumzika. Mtu mzima anayasikia kama shuka laini juu ya jambo gumu. Mtoto anayasikia yalivyo. "Ametuacha" ni neno lilelile analolisikia mtaani baba fulani anapomwacha mke na watoto akaenda zake, kwa hiyo mtoto anajiuliza alifanya kosa gani hata akaachwa. "Ametangulia" maana yake sisi tuko nyuma tunafuata, na kuna mtoto atakayeanza kuhesabu nani atafuata. Kwa wadogo wa chekechea na Gredi ya Kwanza, "amelala" ni hatari zaidi: nimeona mtoto aliyekataa kulala kwa wiki nzima, na mwingine aliyekuwa akimwamsha mama yake usiku kuhakikisha anaamka. Mtoto wa umri huo bado hajaelewa vizuri kwamba aliyekufa harudi. Wa miaka tisa, kumi na kuendelea kwa kawaida ameshaelewa, lakini hata yeye anahitaji watu wazima wamthibitishie kwa neno lililo wazi. Fariki ni neno la heshima na halina mlango wa nyuma.

Kuhusu Mungu, wengi wetu hapa ni watu wa imani, nami pia. Sentensi ambayo mama aliiondoa kwenye rasimu yangu ilikuwa "Mungu alimpenda zaidi." Aliniambia binti alishaisikia kule kwenye mazishi na akauliza, "Kwani mimi sikumpenda vya kutosha?" Faraja ya dini ina mahali pake: nyumbani, kanisani, msikitini, kwa wale wanaomjua mtoto na imani yake. Katika ujumbe wa darasa lenye watoto wa dini mbalimbali, kila nyumba itaongeza maombi yake yenyewe.

Sasa "pole". Hili neno ni letu na ni zuri, wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimelipiga marufuku. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Ukiambiwa pole, lazima ujibu. Asante. Ukiambiwa na watu wawili, unajibu mara mbili. Darasa letu lilikuwa na watoto 47. Mara ya kwanza aliporudi, walimpokea langoni na kumzunguka, kila mmoja na pole yake, na binti wa miaka kumi alisimama pale na begi mgongoni akijibu asante, asante, asante, kama mtu mzima aliyekaa kwenye turubai la matanga. Kwenye simu, nilipomuuliza anataka nini, hilo ndilo lilikuwa la kwanza: "Wasiniambie pole wote." Tukakubaliana kwamba marafiki zake wawili watasema kwa niaba ya darasa, mara moja tu. Ndiyo sababu ujumbe ule uliwapa watoto sentensi nyingine ya kusema, isiyodai jibu.

Hapa wazazi huwa wanateleza upande wa pili. Wanamwambia mtoto, "Usimwambie lolote kuhusu babake, utamliza." Mtoto mtiifu anaona njia salama ni kumkwepa kabisa. Basi aliyefiwa anaingia darasani na maongezi yanakatika, anakaa na dawati linasogea kidogo. Kutomhoji na kutomsemesha ni vitu viwili. Mtoto mwenzake hajui tofauti hiyo mpaka aelezwe na apewe maneno ya kushika mkononi.

Na madaftari. Hili naomba mlisikie vizuri, maana ndilo lililomsaidia kuliko maneno yote. Mtoto anayekosa siku kumi na mbili za shule, kama alivyokosa yeye kwa jumla, anarudi akiwa na msiba na pia akiwa nyuma kwa hesabu za sehemu, insha mbili na mada nzima ya sayansi. Kuwa nyuma kunamwaibisha kila siku mbele ya wenzake, na huzuni haimruhusu kukimbia awafikie. Wenzake wanne waligawana masomo wakamwandikia. Daftari la hesabu lilikuwa na jalada la karatasi ya kaki, na ndani ukurasa unaanza na wino wa buluu, katikati unageuka mweusi kwa sababu kalamu iliisha. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliyeandika ameweka: "Hii hata mimi sikuielewa, tutamuuliza mwalimu pamoja." Binti alinionyesha sentensi hiyo kwa kidole. Alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mei.

Kuhusu kulifunga kundi: kwenye mipangilio ya kundi, msimamizi anaweza kuchagua kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Fanyeni hivyo kwa siku moja. Msipofanya, ujumbe mnaotaka kila mzazi ausome utazikwa chini ya majibu hamsini, na anayerudi kutoka kazini saa tatu usiku ataona mikono iliyokunjwa tu, hatajua asuke au anyoe. Pia msiutume asubuhi ya siku yenyewe. Saa kumi na mbili alfajiri mzazi yuko kwenye foleni ya matatu na mtoto yuko njiani. Jumapili jioni ndiyo saa ambayo wengi mko nyumbani na mtoto mmekaa naye.

Pamoja na kupimwa kote huko, ujumbe ule ulikuwa na pengo. Niliuandika kwa wazazi wa darasa nikasahau kwamba mtoto hakutani na darasa peke yake. Wiki ileile tulikuwa na mwalimu mgeni wa hesabu, aliyekuja kushika nafasi ya mwenzetu mwenye likizo ya uzazi. Hakuwa kwenye kundi, na hakuna aliyemwambia. Siku ya Jumatano alimkuta binti anaandika kwa penseli ya ajabu: bapa, nene, nyekundu ya kukwaruzika, imechongwa kwa kisu. Akamwambia aiweke chini atafute penseli ya shule. Binti akakataa. Mwalimu akaichukua.

Wale mliowahi kuona seremala akipima mbao mmeshajua ilikuwa penseli ya nani. Ilikuwa imekaa nyuma ya sikio la baba yake.

Nilipoitwa, mwalimu yule alikuwa ameketi akitetemeka kuliko mtoto, na penseli ilikuwa imesharudishwa. Tangu siku hiyo, ujumbe wa kurudi una nakala ya pili, fupi zaidi, inayoenda kwa kila mtu mzima atakayemwona mtoto huyo: mwalimu wa kila somo, wa michezo, mpishi, mlinzi wa langoni, kondakta wa basi la shule. Mistari mitatu inatosha. Nani anarudi, nini kilitokea, na kitu gani asinyang'anywe.

Watoto wengi hubeba kitu cha aliyefariki. Watafiti Phyllis Silverman na William Worden walifuatilia kwa miaka miwili watoto 125 wa umri wa kwenda shule waliofiwa na mzazi, katika eneo la Boston kule Marekani. Waliona kwamba wengi wao waliendelea kuwa na uhusiano na mzazi huyo: wakizungumza naye, wakihisi anawaangalia, wakitunza kitu chake. Nao ni watoto wa kawaida kabisa. Kwa hiyo saa ya baba, leso ya mama, hata penseli, viachwe. Mwalimu akiona kitu kinamchelewesha kazi, amuulize faraghani.

Utafiti uleule ulionyesha jambo jingine linalogusa ujumbe wetu. Kwa sehemu ya watoto, matatizo yalijitokeza wazi zaidi baada ya miaka miwili kuliko katika miezi ya kwanza. Sisi tunaandika ujumbe wa Jumapili, tunamaliza wiki mbili za upole, halafu tunasahau. Mtoto hajaanza hata nusu. Huzuni ya mtoto huja kwa vipande: saa nne analia, saa nne na nusu anaruka kamba, na anayemwona kwenye kamba anasema ameshapoa. Kwa hiyo mimi sasa ninaandika kwenye kalenda ya darasa siku tatu au nne za mbele: tarehe ya kifo ikitimiza mwaka, siku ya kuzaliwa ya mtoto, siku ya mikutano ya wazazi, na ama Siku ya Kina Mama au ya Kina Baba.

Kwa binti wetu, Siku ya Kina Baba, ile Jumapili ya tatu ya Juni, ilifika haraka. Kila Ijumaa kabla ya siku hiyo darasa letu hutengeneza kadi. Mzazi mmoja alipendekeza binti apewe kazi nyingine maktaba saa hiyo. Lilikuwa pendekezo la huruma, na nilikaribia kulikubali. Lakini nikamuuliza mwenyewe siku mbili kabla, tukiwa wawili tu: kuna kadi Ijumaa, unaweza kutengeneza ya baba, au ya mjomba, au usitengeneze, au ukanisaidie kukata karatasi. Alichagua ya baba. Alichora meza. Baada ya hapo hakuna aliyejua aliipeleka wapi, nami sikuuliza.

Nimalizie na mambo ambayo ujumbe hauwezi kuyafanya, ili msiutwike mzigo usio wake.

Wiki ya kwanza aliporudi, binti alianza kuumwa na tumbo. Kila siku, karibu saa tisa na nusu alasiri. Tulimpima joto, tukampa maji, tukadhani ni chakula. Siku ya nne nikamuuliza mama yake saa tisa na nusu ina nini. Akasema, "Hiyo ndiyo saa baba yake alikuwa akitoka kazini kumpitia." Tumbo lilikuwa linauma kweli, hakuwa akijifanya. Nilianza kumpa kazi ya mikono saa hiyo, kupanga vitabu kabatini pamoja na mwenzake, na mjomba wake akawa anamchukua dakika kumi mapema. Ilichukua kama wiki tatu kupungua.

Mchana pia alikuwa akiomba simu ampigie mama. Mara mbili, mara tatu kwa siku. Mtoto aliyempoteza mzazi mmoja humlinda aliyebaki kwa wasiwasi mkubwa. Anawaza, huyu naye akifa, nitabaki na nani? Kumwambia "mama yako hatakufa" ni ahadi ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuitoa, na yeye anajua. Tulipanga hivi: saa saba mchana mama anatuma kwenye simu yangu maneno mawili, "Niko sawa", nami ninamwonyesha binti kabla hajaenda kula. Siku moja mama alichelewa kwa sababu ya chaji, na mtoto hakugusa chakula mpaka saa nane kasoro. Baada ya mwezi hivi alianza kwenda kula bila kuja kuangalia simu. Mama aliendelea kutuma kwa siku kadhaa zaidi, kwa usalama.

Lakini zipo dalili ambazo kazi za kabati na ujumbe wa mchana havizitoshi. Mtoto akisema anataka kumfuata baba, au akianza kugawa vitu vyake. Akiacha kula kwa siku kadhaa mfululizo, akijiumiza, au akikataa shule kabisa wiki baada ya wiki. Hapo msiandike chochote kwenye kundi. Mpigie mzazi au mlezi, mwone mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyohiyo, na mtoto apelekwe hospitalini akaonwe na mtaalamu. Nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ikariri, usiitafute wakati wa hofu.

Sababu ya kifo tuliiacha nje ya ujumbe wetu, na huwa ninaiacha karibu kila mara. Ni mali ya familia. Ila kuna wakati mtaa mzima unajua, na watoto wanakuja na hadithi yao ya langoni iliyo mbaya kuliko ukweli. Hapo ninamuuliza mama kama angependa tuseme sentensi moja ya kweli, kama vile "aliugua kwa muda mrefu" au "alipata ajali", ili kuzima uvumi. Akikataa, basi. Kwa watoto ninasema tu kwamba hilo ni jambo la nyumbani kwao. Jambo ambalo siwezi kulikubali ni kutunga sababu ya uongo, hata ikiombwa kwa nia njema. Mtoto atakuwa ndiye wa kuulinda uongo huo mbele ya wenzake 46, kila siku ya shule.

Wiki ijayo kuna mtoto mwingine anarudi katika shule hii. Sitamtaja hapa. Mwakilishi wa darasa lake yupo kati yenu na anajua. Ndugu yangu, baada ya chai tukutane chumba cha walimu. Nimeshazungumza na bibi yake, ndiye mlezi kwa sasa, na atatupigia saa nane pamoja na mtoto. Njoo na kalamu. Na kabla ya hapo, tafadhali fungua simu yako uitoe ile orodha ya mchango kwenye kundi.